Mandhari ya mchezo wa shule kwa maboksi, vitambaa na samani za kuazima: mwongozo kamili

Shule nyingi zikiandaa mchezo huanza na ukuta wa nyuma. Maboksi yanakusanywa, watoto wanapaka rangi, dirisha linachorwa, na siku mbili kabla ya onyesho ndipo meza na viti vinapoletwa kutoka majumbani. Hapo mambo yanagoma. Meza imeizidi nafasi iliyobaki, kochi halipiti mlangoni, na kiti cha kahawia kinapotea kabisa mbele ya ukuta wa kahawia.

Mwongozo huu unakwenda kinyume. Samani ya kuazima ndiyo kitu pekee usichoweza kukata, kupaka rangi wala kupigilia msumari, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kwenye mpango. Boksi linakatwa kuifuata samani. Kitambaa kinakuja mwisho, kuziba mapengo na kuvipatanisha vitu vilivyotoka nyumba tofauti.

Ili maelezo yasielee hewani, tufuate mchezo mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni wa saa moja, unachezwa na watoto wa miaka 10 hadi 13, na una sehemu nne: sebule ya familia, ofisi ya mwalimu mkuu, kituo cha basi nje ya ukuta wa shule, kisha sebule tena. Unachezewa kwenye ukumbi wa kawaida usio na jukwaa lililoinuka. Eneo la kuchezea lina upana wa mita 7 na kina cha mita 5, na watazamaji wanakaa kwenye viti sakafu ileile.

Pima ukumbi ukiwa umekaa kiti cha mtazamaji

Vipimo vya urefu na upana havitoshi. Weka viti viwili kwenye ncha mbili za safu ya mbele, na kimoja katikati ya safu ya mwisho. Kaa kwenye kila kimoja huku mwenzako akisimama, akikaa na kupiga magoti sehemu mbalimbali za eneo la kuchezea. Kwenye viti vya pembeni unatafuta mambo mawili: kona za nyuma usizoziona, na vichochoro vya pembeni unavyoviona wakati hupaswi kuviona, yaani mahali ambapo wachezaji watakuwa wanasubiri zamu. Chukua kamba, ishike usawa wa jicho, uivute hadi ukingo wa pazia la pembeni litakapokuwa. Chochote kilicho upande wa ndani wa kamba kitaonekana. Mtoto atakayesubiri hapo ataonekana naye.

Kiti cha safu ya mwisho kinakufundisha jambo ambalo wengi hulifahamu usiku wa onyesho. Sakafu ikiwa moja, kuanzia safu ya tatu watu hawaoni kitu kilicho chini ya magoti ya mchezaji. Mtoto akikaa chini kwenye mkeka, kwa nusu ya ukumbi ameondoka. Kwa hiyo tendo lolote muhimu lifanyike mtu akiwa amesimama, au amekaa kwenye kikalio chenye kimo cha sentimita 42 au zaidi. Andika namba hiyo, kwa sababu itaamua uazime nini.

Sasa chora ramani kwa kipimo cha sentimita 5 kwa kila mita 1. Eneo letu linakuwa sentimita 35 kwa 25, linalokaa vizuri kwenye karatasi ya A3. Kata vipande vya karatasi ngumu kwa kipimo hichohicho: meza ya sentimita 120 kwa 60 inakuwa kipande cha 6 kwa 3, na benchi la sentimita 150 kwa 40 linakuwa 7.5 kwa 2. Visogeze juu ya ramani. Dakika ishirini za kusogeza vipande hivi zinaokoa mabishano mengi ya ukumbini, na mwelekezaji wa mchezo anaona mapema kama mtu wa tatu atapata pa kupita.

Azima vitu vichache vinavyofanya kazi mbili

Kila kitu kinachoingia lazima kitoke, na kila kinachotoka kinataka mtu wa kukibeba gizani. Ndiyo maana sitafuti samani ya sebule, samani ya ofisi na samani ya kituo. Natafuta meza moja, benchi moja, viti vinne na kijimeza kidogo, basi.

Meza ikiwa na kitambaa kinachoning'inia ni meza ya sebuleni. Ukiondoa kitambaa na kufunga ubao wa boksi kwenye miguu ya upande wa watazamaji, inakuwa dawati la mwalimu mkuu. Benchi likiwekewa godoro jembamba, shuka na mito miwili ni kochi, na likiwa tupu ni benchi la kituo cha basi. Kuna atakayejitolea kutoa kochi la kweli, kwa moyo mweupe kabisa. Mshukuru, kisha likatae. Kochi la nyumbani limetengenezwa ili mtu azame: magoti ya mtoto yanapanda, kifua kinakunjika, sauti inapungua, na kuinuka kwake kunachukua muda hata neno la mwenzake linapita. Isitoshe, linataka watu wazima wawili kulibeba.

Barua kwa familia itaje vipimo, maana ukiandika tu "tunaomba viti" utaletewa viti vya kila kimo. Kwa mchezo wetu ningeandika hivi:

"Tunaomba kuazima viti 4 visivyo na mikono, kimo cha kikalio sentimita 42 hadi 48, meza 1 isiyozidi urefu wa sentimita 120 na upana wa 60, benchi 1 la urefu wa sentimita 140 hadi 160. Tafadhali msilete kitu chenye kioo, kitu kinachotikisika, wala kitu ambacho kikikwaruzwa mtaumia moyoni. Hatutapigilia msumari, hatutabandika gundi wala kupaka rangi. Tutakichukua siku 10 kabla ya onyesho na kukirudisha kesho yake."

Hilo la kuumia moyoni lina uzito. Kiti alichoacha marehemu bibi hakifai kuingia ukumbini hata mwenyewe akisisitiza, kwa sababu hakuna fidia inayoweza kukirudisha.

Kitu kikifika, kabla hakijavuka mlango, fanya ukaguzi pamoja na aliyekileta. Kipige picha nne, mbele, nyuma na pande mbili, na picha ya karibu ya kila mkwaruzo uliopo. Kikalie, ukisukume huku na huku usikilize kama viungo vinalia. Kama kina kitambaa au sifongo, pekua kwenye mishono na chini ya kikalio kwa tochi: vidoa vyeusi vidogo kama vya wino ni dalili ya kunguni, na kitu hicho kisiingie. Kisha kifunge lebo ya kitambaa kwa uzi kwenye mguu wa nyuma, imeandikwa namba tu, na namba hiyo iingie kwenye daftari pamoja na jina la mwenyewe, hali yake, tarehe ya kurudi na mtu wa shule anayewajibika. Lebo usiibandike kwa selotepu. Ikikaa siku kumi juu ya vanishi inaweza kuondoka na ngozi ya vanishi yenyewe.

Chini ya kila mguu funga kipande cha zulia kuukuu au kitambaa kizito kwa uzi. Kinalinda mguu, na muhimu zaidi kinaua ule mkwaruzo wa sauti unaosikika ukumbi mzima viti vinapohamishwa.

Minara ya boksi yenye pande tatu

Sehemu nne zenye mahali patatu zinahitaji kuta tatu. Ukijenga kuta tatu kamili utakosa pa kuziweka. Njia bora ninayoijua ni ya zamani sana, ilitumika kwenye majumba ya maonyesho ya Wagiriki na Warumi wa kale: mnara wa pande tatu unaozungushwa. Kila upande una sura yake. Ukizungusha minara yote kwa theluthi moja, ukuta mzima umebadilika. Na kwa kuwa mchezo wetu unarudi sebuleni, mzunguko wa tatu unaturudisha tulikoanza bila kazi ya ziada.

Tutajenga minara minne. Kila upande uwe na upana wa sentimita 100 na kimo cha sentimita 200. Kwa mchezaji mwenye kimo cha sentimita 150 hivi, ukuta wa mita mbili unasomeka kama ukuta wa chumba. Ukizidi hapo unaanza kuyumba bila faida.

Hesabu ya boksi ni rahisi. Upande mmoja ni mita za mraba 2, na utatengenezwa kwa tabaka mbili, hivyo 4. Mnara mmoja unakula mita za mraba 12, na minara minne 48. Boksi la friji kubwa likikunjuliwa hutoa takriban mita za mraba 5. Kwa hiyo tafuta maboksi 12, ili upate ziada ya ubao wa dawati na ya vipande vitakavyoharibika. Chagua boksi lenye kuta mbili, yaani ukiangalia ukingo wake unaona safu mbili za mifereji. Boksi lililolowa likakauka liache. Libonyeze kwa kidole gumba: kama linabonyea na kubaki na shimo, mifereji yake imeshakufa.

Mifereji hiyo ndiyo mifupa ya ukuta. Boksi linakataa kukunjika kuikata mifereji, lakini linakunjika kirahisi kuifuata. Ukiweka tabaka moja mifereji yake ikiwa wima, na la pili mifereji ikiwa mlalo, kila moja linazuia udhaifu wa mwenzake. Kwa vile boksi huenda lina kimo cha sentimita 180 tu, utalazimika kuunga. Kiungo cha tabaka la mbele kiwe karibu na chini, cha tabaka la nyuma karibu na juu. Viungo viwili vikikutana mahali pamoja, ukuta utavunjika hapohapo, kwa kawaida siku ya mazoezi ya mwisho ambapo kila mtu anauegemea.

Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Imwage kwa mistari, itandaze kwa kipande cha boksi hadi iwe ngozi nyembamba, weka tabaka la pili, kisha lundika vitabu au matofali juu yake na uache hadi kesho. Usisimamishe ubao ukiwa bado unyevu. Ukikaukia wima umejikunja, hautanyooka tena.

Bao tatu zikiwa tayari, zilaze chini zikiwa zimegusana kingo, sura ikitazama sakafu. Bandika kanda za kitambaa cha pamba zenye upana wa sentimita 10 kwenye maungio mawili, kutoka juu hadi chini, kwa gundi hiyohiyo. Hizo ndizo bawaba. Ungio la tatu usiligundishe. Toboa matundu kwenye kingo zote mbili, moja kila sentimita 20 na umbali wa sentimita 4 kutoka ukingoni, uimarishe kila tundu kwa kipande cha kitambaa, kisha uzifunge kwa kamba kama unavyofunga kiatu. Faida zake ni mbili. Mnara ukifunguliwa unakunjika na kulala bapa nyuma ya kabati. Na kabla ya kuufunga unapata nafasi ya kuweka uzito ndani.

Uzito huo si wa hiari. Mnara mtupu una uzito wake katikati, kama mita moja kutoka chini, na ukisukumwa begani na mtoto anayekimbia utaanguka. Pima mnara kwenye mizani ya kusimama, kisha weka ndani mifuko ya mchanga yenye uzito usiopungua huo. Kitovu cha uzito kinashuka hadi karibu nusu ya kilipokuwa, na mnara unakuwa mgumu kuangusha. Mifuko ikae juu ya sakafu ya boksi la tabaka tatu lililokatwa pembetatu, ikifungwa humo kwa kamba isiteleze. Chini ya sakafu hiyo bandika zulia kuukuu, manyoya yakitazama chini, ili mnara uteleze unapozungushwa. Jaribio lake ni jepesi: mtu mzima ausukume kwa kiganja usawa wa bega hadi ukingo mmoja unyanyuke upana wa vidole vinne, kisha auachie. Ukirudi wenyewe, uko salama. Ukisita, ongeza mchanga.

Kuna mpaka wa mbinu hii. Kwenye sakafu ya saruji laini, vigae au mbao minara inateleza vizuri. Kwenye sakafu yenye mashimo au udongo inakwama na kupasuka chini. Hapo fungua ungio la tatu, uitumie minara kama viwambo vya kukunja vinavyosimama kwa pembe kama ya kitabu kilichofunguliwa nusu, na mifuko ya mchanga ikae nyuma kwenye mikunjo. Utabaki na ukuta mmoja kwa mchezo wote, na mabadiliko yote yatabebwa na samani na vitambaa. Ni bora hivyo kuliko mnara unaokwama mbele za watu.

Nafasi kati ya mnara na mnara

Mnara wenye upande wa sentimita 100 ukizunguka, pembe zake huchora duara lenye kipenyo cha sentimita 115 na kidogo. Minara ikipangwa imegusana, hakuna hata mmoja utakaozunguka, kwa sababu pembe zitagongana. Acha pengo la sentimita 20 kati yake. Kwa mchezo wetu tunapanga minara miwili kushoto, miwili kulia, na katikati tunaacha pengo la sentimita 80 liwe mlango. Jumla ni sentimita 400 za minara, mapengo mawili ya 20, na mlango wa 80, yaani 520. Katika mita zetu 7 zinabaki sentimita 90 kila upande, zinazotosha kwa mtu aliyebeba kiti.

Nyuma ya minara acha njia ya sentimita 60 ili mchezaji avuke upande mwingine bila kuonekana. Ukiondoa njia hiyo na duara la mnara kwenye kina cha mita 5, unabaki na zaidi kidogo ya mita 3.2 za kuchezea. Weka namba hiyo kwenye ramani yako ya karatasi kabla ya kumwahidi mtu kwamba kutakuwa na ngoma ya watu kumi.

Rangi

Rangi ya maji ndiyo inayofaa, lakini maji ndiyo adui wa boksi. Upande uliopakwa unavimba, kisha unapokauka unajivuta na kuukunja ubao kuelekea kwake. Dawa yake ni kupaka pande zote mbili: mkono mmoja mwembamba mbele, na siku hiyohiyo mkono mmoja wa rangi yoyote ya mabaki nyuma, kabla hujafunga minara. Tumia rola, usitumie brashi iliyolowa chepechepe. Mikono miwili myembamba ni salama kuliko mmoja mzito. Maandishi na selotepu za boksi vizibe kwanza kwa karatasi za gazeti na gundi iliyochanganywa na maji kidogo, la sivyo nembo ya kiwandani itachungulia chini ya taa.

Ukuta usishindane na watu walio mbele yake. Chagua rangi ya ukuta baada ya kuona samani na mavazi, ukivisimamisha mbele ya ubao uliopakwa majaribio, na uvipige picha kwa simu ukiiondoa rangi hadi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama kiti na ukuta vinaonekana kijivu kimoja, ukumbini vitaungana pia, hata kama kimoja ni kijani na kingine chekundu. Kwa samani ya mbao iliyokoza, kuta zetu ziwe za rangi iliyopauka: sebule rangi ya mchanga, ofisi kijivu chenye ubuluu, ukuta wa kituo rangi ya saruji.

Michoro iwe michache na mikubwa. Sebule inatosheka na dirisha moja na fremu ya picha. Ofisi, rafu ya mafaili na ubao wa matangazo. Kituo, mistari ya matofali kwenye minara miwili tu na bango la basi. Mtazamaji aliye mita 10 hasomi kwa urahisi herufi za sentimita 3, hivyo bango liandikwe kwa herufi za sentimita 10 au zaidi. Mnara ukijazwa maua madogo madogo, kwa mbali unageuka vumbi.

Kabla ya kupaka, andika ndani ya kila ubao 1 kwa sebule, 2 kwa ofisi na 3 kwa kituo, namba zikifuatana kwa mpangilio uleule kwenye minara yote. Mnara mmoja ukigeuzwa mpangilio, mzungushaji wake atalazimika kuzunguka kinyume na wenzake, na gizani atasahau.

Vitambaa

Kwenye mandhari hii kitambaa kina kazi tatu: kuficha pembeni, kuwa giza nyuma ya mlango na mapengo, na kuipatanisha samani.

Mapazia ya pembeni na ya nyuma yawe ya rangi moja iliyokoza, nyeusi au buluu ya usiku. Yanaweza kuwa mashuka yaliyoazimwa, mradi hayakatwi. Upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya nafasi unayoiziba, ili kiwe na mikunjo. Kitambaa kilichovutwa bapa huonyesha kila mshono na kila kiwiko kinachogusa kwa nyuma. Kitundike kwenye ufito ulionyooka. Kamba hulegea katikati, na pazia linakuwa na tumbo juu na kuburuta chini. Upindo wa chini uingize mnyororo mwembamba au kokoto kwenye mfuko mrefu wa kitambaa, uliofungwa kwa pini, ili upepo wa mlango usilipeperushe.

Kisha zima taa za ukumbi, washa taa ya upande wa nyuma, mwambie mtu apite nyuma ya pazia. Ukiona kivuli chake, ama ongeza tabaka la pili ama ondoa taa hiyo. Jaribio hili lifanyike usiku. Mchana halisemi kweli.

Kwa samani, chukua kitambaa kimoja ukigawe: viti vinne vya nyumba nne vikifungwa vikalio kwa kitambaa cha rangi moja vinageuka seti. Funga kwa tepe zilizoshonwa pembeni, chini ya kikalio. Mto wa kochi letu la benchi utoke kitambaa hichohicho, na pazia dogo la dirisha la sebule pia. Hapo macho ya mtazamaji yanaamini kwamba vitu hivi vimeishi pamoja.

Boksi na kitambaa vinashika moto haraka. Taa yoyote inayotoa joto ikae mita 1 au zaidi kutoka kwavyo, na mshumaa au kibatari cha kweli kisiingie jukwaani hata kama maandishi ya mchezo yanakitaja: tumia tochi ndogo ndani ya glasi ya karatasi. Kizima moto na ndoo ya mchanga vikae kila upande, na minara, viti vya akiba wala mapazia yasizibe mlango wa kutokea.

Mabadiliko kati ya sehemu na sehemu

Hapa ndipo mpango mzima unapopimwa. Lenga sekunde 40. Zikipita 60 watazamaji wanaanza kuzungumza, na mchezaji anayefuata anaanza kwa kupambana na kelele.

Tunahitaji watoto wanne wa minara na watatu wa kubeba, wote wamevaa nguo zilizokoza na viatu laini. Sebule kwenda ofisi inakwenda hivi. Wazungushaji wanageuza minara kwa theluthi moja, wote kuelekea mkono wa kulia. Wabebaji wawili wanachukua benchi likiwa na godoro na mito yake, kwa safari moja, wanatoka kushoto. Wa tatu anakunja pembe nne za kitambaa cha meza kwa ndani, na kwa kuwa vikombe vya mezani ni vya plastiki na vimeshonewa kwenye kitambaa chenyewe, anakiondoa chote kama mzigo mmoja. Wawili wa benchi wanarudi na ubao wa dawati, wanaufunga kwenye miguu ya meza kwa tepe mbili, kisha wote watatu wanaivuta meza hadi alama yake ya ofisi, wanapanga viti na kutoka.

Ofisi kwenda kituo ni nyepesi: meza na viti vinatoka kulia, benchi tupu linaingia kushoto. Kituo kurudi sebuleni ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo wakati sehemu ya kituo inaendelea, wabebaji wakiwa nyuma ya pazia wanaivisha meza kitambaa chake na kuliandaa godoro kwa shuka lililokwisha kufungwa.

Kanuni ninayoishikilia ni kwamba asiyebeba asitembee: ukitoka, toka na kitu, na ukirudi, rudi na kitu. Kila mtoto awe na kadi yake yenye kazi zake tu. Orodha ya wote ibaki kwa msimamizi wa jukwaa.

Alama za sakafuni zibandikwe kwa tepu ya karatasi, rangi moja kwa kila mahali: nyekundu sebule, buluu ofisi, njano kituo. Kwa samani weka alama kwenye miguu miwili ya nyuma tu, na kwa minara pembe mbili za mbele. Ukiweka alama miguu yote minne kwa vitu vyote, sakafu inakuwa madoadoa na hakuna anayejua lipi ni lake. Pangeni kwanza mwanga ukiwepo, polepole, mkisema kwa sauti. Halafu bila kusema. Halafu gizani. Kama sekunde hazishuki chini ya 60 baada ya hapo, usiwaharakishe watoto, punguza kitu. Mara nyingi ni kile kijimeza ambacho hakuna mchezaji aliyekigusa.

Ratiba na kurudisha

Wiki ya kwanza ni ya kupima, ramani na barua. Ya pili ni ya kubandika bao. Ya tatu ni ya bawaba, rangi na vitambaa, na mwisho wake samani inafika. Ya nne ni ya mazoezi na mandhari kamili. Kabla samani halisi haijafika, wachezaji wafanye mazoezi na viti vya darasani vilivyowekwa kwenye alama zilezile, ili hatua zao ziwe tayari.

Onyesho likiisha, samani inatoka kwanza, kabla minara haijaguswa, maana wakati wa kubomoa ndipo vitu vya watu vinapokwaruzwa. Ondoa vitambaa na zulia za miguuni, futa vumbi, linganisha na zile picha nne mbele ya mwenyewe, na atie saini daftarini. Kama kuna mkwaruzo mpya, uonyeshe wewe kabla hajauona, na useme utatengenezwa na nani na lini. Kisha fungua kamba za minara, toa mchanga, kunja bao ziwe bapa na uzilaze mahali pakavu juu ya mbao, si juu ya saruji, kwa sababu saruji hupitisha unyevu na mifereji ya chini italainika. Kwa mchezo ujao utapaka sura mpya juu ya zile za zamani. Bao zikitunzwa hivyo zinahimili kupakwa upya mara mbili au tatu, na ukishaona tabaka la rangi linapasuka kwenye bawaba ujue umefika wakati wa kutafuta maboksi mengine.